Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kugeuza dhahabu ya urithi kuwa pambo jipya

Majibu haya ni ya mtu anayefanya kazi ya usonara Mombasa, nayo yanahusu dhahabu iliyoachwa na mama, bibi au shangazi, ambayo aliyerithi haivai na anataka igeuzwe kuwa kitu atakachokivaa. Nimeyapanga kwa jinsi maswali yanavyojitokeza mtu anapofungua kitambaa chake mezani. Bei zilizomo ni za kufanyia hesabu tu. Bei ya dhahabu hubadilika kila siku, kwa hiyo weka bei ya siku yako mahali pa zangu.

Je, kila kitu nilichorithi kinafaa kuyeyushwa?

Hapana, na swali hili lije kwanza kwa sababu kikishaingia motoni hakirudi. Chungu cha kuyeyushia kinajua uzito peke yake. Kazi ya mkono iliyomo kwenye pambo, hata kama fundi wa zamani aliikalia wiki nzima, haihesabiwi tena pindi dhahabu inapokuwa maji.

Kwa hiyo mimi huanza kwa kutenga. Pambo lililosukwa kwa nyuzi nyembamba za dhahabu, lililochongwa maua au maandishi ya Kiarabu, au pete yenye jina ndani yake, naliweka kando na kumwomba mwenyewe alifikirie tena. Mafundi wanaoweza kurudia kazi ya namna hiyo leo ni wachache, na ukitaka uirudishe utalipa ufundi mkubwa kwa kitu ambacho tayari ulikuwa nacho.

Vilevile usiyeyushe sarafu ya paundi. Paundi halisi ya dhahabu ina uzito wa gramu 7.98 na ni ya karati 22, yaani dhahabu safi iliyomo ni gramu 7.32. Wanunuzi wa sarafu huijua na kuilipa kwa kuiangalia, bila kubishana karati. Ukiiyeyusha umegeuza kitu kinachojulikana dunia nzima kuwa kipande ambacho kila mnunuzi atataka kukipima upya. Chunguza tu kama ni halisi, kwa maana kwenye vidani vya zamani zimo paundi nyingi za kuigiza zilizotengenezwa na masonara wenyewe. Herufi zake huwa zimevimba kidogo, na ukizipima mbili, moja moja, utakuta hazilingani uzito.

Kinachobaki baada ya hapo, yaani mikufu iliyokatika, hereni ya upande mmoja, bangili iliyochanika, pete nyembamba zisizo na kazi yoyote, ndicho cha motoni.

Kuhusu kumbukumbu, waulize waliokuwa karibu na marehemu ni kitu gani walichomwona nacho kila siku. Mara nyingi wote hutaja kitu kidogo: pete moja, au bangili iliyokuwa ikilia akikuna nazi. Hicho kiacheni kama kilivyo. Seti kubwa ya harusi ambayo ilikaa kwenye kasha miaka 40 ina thamani yake ya pesa, lakini wengi wanaoiyeyusha huwa na amani nayo, kwa sababu hawana picha ya mama akiwa ameivaa.

Tumerithi watu kadhaa. Nani anaamua?

Wote waliomo kwenye mirathi. Kabla mirathi haijagawanywa, dhahabu ile si ya mtu mmoja, hata kama ndiye aliyekuwa akimuuguza marehemu na ndiye mwenye ufunguo wa kasha. Pimeni kila kitu mbele ya wote, andikeni uzito, pigeni picha, kisha mgawane. Mkitaka kugawana kwa thamani, subirini hadi mkuo, yaani kipande kimoja kinachotoka dhahabu ikishayeyushwa, upatikane, maana gramu 10 za kitu kimoja na gramu 10 za kingine zinaweza kuwa na dhahabu safi tofauti kabisa.

Na kama aliyefiwa ni mke aliye edani, msimharakishe. Miezi minne na siku kumi si mingi, na dhahabu haiozi.

Nitajuaje dhahabu yangu ni ya karati ngapi? Haina chapa yoyote.

Pambo la zamani la pwani mara nyingi halina chapa, na hata lenye chapa linakwambia karati ya bapa na waya alizoanza nazo fundi, bila kuhesabu lehemu aliyotumia kuunganishia. Chapa ya 916 ni karati 22, 875 ni karati 21, na 750 ni karati 18. Tarakimu hizo ni sehemu za dhahabu safi ndani ya sehemu 1000.

Sonara ana njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni jiwe jeusi la kujaribia: pambo linasuguliwa juu yake, kando unasuguliwa mchoro wa dhahabu inayojulikana, kisha michoro yote miwili inadondoshewa asidi na kulinganishwa inavyofifia. Ya pili ni mashine ya eksirei, ambayo huonyesha asilimia kwenye skrini ndani ya muda mfupi. Watu huiamini mashine kupita kiasi. Inasoma ngozi ya pambo tu. Pambo lililochovywa dhahabu au lililosafishwa kwa asidi mara nyingi huwa na ngozi bora kuliko nyama, kwa hiyo mashine itakupa furaha ambayo moto utakunyang'anya.

Kipimo cha kutegemea ni kile kinachofanywa baada ya kuyeyusha, wakati vitu vyote vimechanganyika kuwa mkuo mmoja. Ombeni upimwe juu na chini, au sehemu mbili tofauti. Vipimo vikiachana sana, mkuo haukukorogeka vizuri na urudi motoni.

Kwa nini gramu zinapungua, na upungufu wa haki ni kiasi gani?

Hapa ndipo penye ugomvi mwingi, kwa hiyo nitalieleza kwa mzigo mmoja mwanzo hadi mwisho.

Dada watatu wa Mji wa Kale wameleta bangili mbili, kidani cha shanga za dhahabu zilizo wazi ndani, na pete ya jiwe jekundu. Vyote pamoja ni gramu 58.4. Bangili moja wameamua ibaki kama ilivyo, nayo ina gramu 15. Zilizobaki za kuyeyusha ni gramu 43.4.

Upungufu wa kwanza unatokea kabla moto haujawashwa. Jiwe la pete likitolewa linaondoka na gramu 0.8. Shanga za kidani, kama ilivyokuwa desturi, zimejazwa lakiri ndani ili zisibonyee. Zikipashwa moto kidogo lakiri inachuruzika nyeusi, na pamoja nayo uzi na uchafu wa miaka mingi wa jasho na mafuta ya nazi. Hapo zimeondoka gramu 2.6. Sasa mezani kuna gramu 40 kamili za madini, na hakuna hata chembe ya dhahabu iliyopotea. Aliyepima 43.4 nyumbani na kukabidhi bila kushuhudia hatua hii ataamini kwamba ameibiwa zaidi ya gramu 3, na kusema kweli hana njia ya kujua kama ameibiwa au la. Ndiyo maana nasema: pima kabla, pima baada ya kutoa mawe na lakiri, na pima mkuo. Mara tatu, mizani ileile, macho yako yakiwapo.

Upungufu wa pili ni wa moto wenyewe. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1064 za Selsiasi na haiungui. Vinavyoondoka ni vile vilivyochanganywa nayo: zinki na kadmiamu za kwenye lehemu za zamani hupaa kama moshi, shaba kidogo hugeuka kutu na kunaswa na boraksi, unga unaotiwa kwenye chungu, na uchafu uliojificha kwenye maungio huungua. Moshi wa kadmiamu ni sumu, kwa hiyo ukikaa kushuhudia kaa upande upepo unakotoka. Katika mzigo huu mkuo ulitoka gramu 39.4, yaani moto umekula gramu 0.6, asilimia moja na nusu. Kwa mapambo yaliyokwisha kusafishwa, mimi huona asilimia 1 hadi 2 ni ya kawaida. Kidani chenye maungio mengi madogo kinaweza kupita hapo. Fundi akikwambia asilimia 8 au 10 za moto peke yake, mwombe akuonyeshe chungu, boraksi iliyoganda na mkuo, kisha muulize zilikokwenda.

Upungufu wa tatu ni wa kazi: tupa, msumeno na kung'arisha. Katika kutengeneza mapambo mapya ya wale dada, gramu 39.4 ziligawanyika hivi: mapambo yaliyokamilika gramu 36, vipande vya ziada gramu 2.5, na vumbi gramu 0.9. Vipande vya ziada ni mali ya mwenye dhahabu na warudishiwe. Vumbi sonara hulikusanya chini ya meza na kulisafisha baada ya miezi, lakini limechanganyika na la wateja wengine, kwa hiyo desturi ni kwamba linabaki kwake. Hilo ni sawa mradi lilitajwa kwa kiasi mwanzoni. Lisilo sawa ni fundi kukutoza ufundi kamili, akabaki na vumbi, akabaki na vipande, na kuyaita yote "upungufu".

Mkuo wetu umesoma karati 21, nasi tulikuwa na vitu vya 22. Nini kimetokea?

Hakuna ajabu. Katika mzigo ule, bangili ilikuwa ya 22 kweli. Kidani kilikuwa na lehemu nyingi, ambayo kwa kawaida huwa na karati ya chini ili iyeyuke kabla ya pambo lenyewe, kwa hiyo kwa wastani kilishuka hadi 20 na nusu hivi. Pete ilikuwa ya 18. Vikichanganywa, dhahabu safi ni kama gramu 34.5 ndani ya 39.4, na hiyo ni karati 21.

Watu wengi hapa husema, "basi tuongezee dhahabu safi ifike 22." Fanya hesabu kwanza. Kuupandisha mkuo huu hadi 22 kunahitaji kuongeza gramu 19 na kitu za dhahabu ya 24, kwa sababu kila gramu unayoongeza inagawana usafi wake na zile zote zilizomo. Ni pesa nyingi kwa tofauti ambayo shingoni haionekani. Njia nyingine ni kutakasa kwa asidi na kupata dhahabu safi, kisha kuchanganya upya. Hapo utapata kama gramu 37 na kitu za karati 22, ukiondoa ujira wa kutakasa na upungufu wake.

Rai yangu ni kubaki na 21. Ni karati inayoheshimika, masoko ya Omani na Ghuba yote wanaijua, na ni ngumu kidogo kuliko 22, jambo linalofaa kama pambo litashika mawe. Kosa ni kuyeyusha pete ya 18 pamoja na vitu vya 22 bila kufikiri. Kama pete ile ingetengwa, bangili na kidani vingetoa mkuo ulio juu kidogo ya 21, na pete ingeuzwa au kutengenezwa peke yake.

Fundi anasema dhahabu yangu "inakatika". Ananidanganya?

Huenda anasema kweli. Madini ya risasi, hata kidogo sana, yakiingia kwenye dhahabu huifanya kuwa kama biskuti. Mkuo unapopitishwa kwenye mashine ya kubania bapa, kingo zake zinapasuka pasuka, na ukiukunja unavunjika badala ya kupinda.

Risasi hutoka kwenye matengenezo ya kienyeji. Mkufu ulikatika, ukapelekwa kwa fundi wa redio akauunga kwa waya ule wa kijivu anaotumia kwenye saketi. Kabla hujayeyusha, pitia kila ungio kwa lenzi. Doa la kijivu lililofifia kwenye dhahabu ya njano ndilo lenyewe, na likatwe lote pamoja na sehemu ya jirani. Likishaingia motoni dawa ni kutakasa mkuo wote, na hapo gharama imeongezeka kwa sababu ya ungio lililokuwa dogo kama punje ya uwele. Dalili ya ukweli ni mkuo wenyewe: omba uone kingo zilizopasuka.

Ufundi unahesabiwaje?

Kuna namna tatu. Kuna wanaotoza kwa gramu ya pambo lililokamilika, kuna wanaotoza asilimia ya thamani ya dhahabu, na kuna wanaotaja bei moja ya kazi nzima. Kwa dhahabu yako mwenyewe, bei ya kazi nzima au ya gramu ndiyo ya haki. Asilimia ya thamani inakufanya ulipe zaidi kila bei ya dhahabu inapopanda, ilhali mkono wa fundi umefanya kazi ileile.

Namna ya nne haitajwi: "ufundi bure". Ukisikia hivyo, ufundi umefichwa kwenye upungufu. Gramu 4 zilizopotea kwa bei ya shilingi 10,000 kila moja ni shilingi 40,000, na hiyo ni zaidi ya wengi wanavyotoza kwa kazi ya kawaida. Heri mtu anayekuambia ufundi wake kwa sauti na upungufu wake kwa maandishi.

Kubali pia kwamba kitu chepesi kinaweza kuwa na ufundi mkubwa kuliko kizito. Bangili ya bapa ya gramu 15 ni kazi ya siku moja. Hereni za nyuzi za gramu 6 zenye mawe madogo 20 zinaweza kumshika fundi siku kadhaa, na kupachika mawe huhesabiwa kwa jiwe.

Si afadhali niuze ya zamani ninunue mpya dukani?

Turudi kwa wale dada. Tuseme gramu ya karati 21 dukani ni shilingi 10,000, duka linanunua ya zamani kwa 9,300, na ufundi ni 1,200 kwa gramu.

Wakiuza mkuo wa gramu 39.4 watapokea 366,420. Wakinunua mapambo mapya ya gramu 36 watalipa 403,200. Wameongeza kama 36,800. Wakiyatengeneza kwa mkuo wao, watalipa ufundi 43,200, lakini wanabaki na vipande vya gramu 2.5 vyenye thamani ya 23,250 wakiviuza. Kwa hiyo wametoa kama 20,000.

Tofauti inatokana na pengo kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia ya duka. Pengo likiwa dogo na mapambo ya dukani yakiwa ya mashine, yenye ufundi mdogo, kubadilisha kunaweza kuwa rahisi kuliko kutengeneza. Fanya hesabu hii kwa bei za siku yako kabla ya kuamua. Ila ukibadilisha, dhahabu ya mama imekwenda kwa mtu mwingine. Kwa wengine hilo halina uzito wowote, na hakuna lawama. Kwa wengine ndilo jambo zima, na hata zile 16,800 za tofauti zingekuwa kinyume bado wangetengeneza.

Nataka iwe dhahabu ya mama kweli, isichanganywe. Inawezekana?

Inawezekana, lakini useme mapema, kwa sababu inaamua njia ya kazi.

Kuna kutengeneza kwa mkono: mkuo unabanwa kuwa bapa au kuvutwa kuwa waya, kisha fundi anakata, anakunja na kulehemu. Hapa ni rahisi kuifuata dhahabu yako mwanzo hadi mwisho. Kuna na kusubu: pambo linachongwa kwa nta, linafunikwa kwa plasta, nta inayeyushwa itoke, na dhahabu inamiminwa katika nafasi yake. Kusubu kunahitaji dhahabu zaidi ya ile ya pambo, kwa sababu kuna mfereji na kitako vinavyokatwa baadaye. Mkuo wako ukiwa haujatosha, sonara huongezea ya kwake na kuikata kwenye hesabu. Tena karakana kubwa husubu mapambo ya wateja wengi kwa mmimino mmoja, na hapo ya mama imechanganyika na ya watu usiowajua, ingawa uzito na karati utakazopewa ni sahihi.

Kwa hiyo sema: "mkuo wangu peke yake." Ukubali kwamba muundo huenda ukapunguzwa ukubwa ili dhahabu itoshe na mfereji wake.

Wale dada watatu walichagua kazi ya mkono. Kila mmoja alipata mkufu na kidani kidogo vyenye gramu 12 kwa jumla. Walichoomba zaidi ni kwamba kifungio cha kidani cha zamani, kile cha kulabu kilichokuwa kimelika upande mmoja kwa kufungwa na kufunguliwa, kisiyeyushwe. Kilitengwa kabla ya kupima, na kipo kwenye mkufu wa dada mkubwa, kimeimarishwa kwa pete ndogo mbili. Gharama yake ilikuwa ndogo sana. Hilo ni jambo ninalowashauri wengi: acheni kipande kimoja cha zamani kiingie kizima kwenye kipya.

Jiwe la bibi limeambiwa si yakuti halisi. Nilitupe?

Usilitupe. Mawe mengi mekundu na ya buluu kwenye dhahabu ya karne iliyopita ni yakuti zilizotengenezwa kiwandani. Njia ya kuzitengeneza kwa moto ilitangazwa mwaka 1902, na baada ya hapo zilisambaa kila mahali kwa bei nafuu. Chini ya lenzi ya kukuza mara 10, mwenye jicho huona mistari iliyopinda kama mikunjo ya sahani ya santuri, na pengine viputo vya mviringo. Yakuti ya ardhini ina mistari iliyonyooka na vichembe vya asili.

Bibi hakudanganya mtu, alinunua alichouziwa. Na jiwe hilo ni gumu sawa na la asili, linastahimili kuvaliwa kila siku, na ndilo alilolivaa. Lile la pete ya wale dada lilikuwa hivyo hivyo. Lilisafishwa, likang'arishwa kingo zilizolika, likarudishwa katika mojawapo ya vidani. Kwa bei halina kitu. Nisingelibadilisha.

Linalohitaji hadhari ni kulitoa. Mawe yote yatoke kabla ya moto, na yahesabiwe mbele yako. Lulu, feruzi, zumaridi na tanzanaiti haziwezi moto wa kulehemu kabisa: lulu huungua, feruzi hubadilika rangi, zumaridi na tanzanaiti hupasuka. Almasi huvumilia zaidi, lakini moto wa moja kwa moja huifanya iwe na ukungu mweupe. Na mawe ya zamani yaliyowekewa karatasi ya kung'aa nyuma yake yataonekana yamekufa ukiyatoa, kwa sababu uhai wake ulikuwa kwenye karatasi ile. Hayo yanapachikwa tena kwenye kikombe kilichofungwa nyuma, si kwenye kucha zilizo wazi.

Jiwe limepasuka au limepotea. Niweke nini badala yake?

Anza na mahali litakapokaa. Pete hugongwa kila siku, hereni na kidani havigongwi sana.

Kwa kijani, watu huomba zumaridi kwa sababu lililopotea liliitwa zumaridi. Kwa pete ya kila siku ningekushauri tsavoraiti. Ni kito cha nyumbani, hutoka Taita Taveta na upande wa Tanzania, kijani chake kimekolea, na kwa kawaida hakina nyufa za ndani zilizojazwa mafuta kama zumaridi nyingi. Kwa nyekundu kuna yakuti, na kuna spineli ya Mahenge yenye wekundu wa waridi unaowaka, ambayo ni ngumu ya kutosha kwa pete. Tanzanaiti, iliyogunduliwa Mererani mwaka 1967, ni nzuri mno kwenye hereni na kidani. Kwenye pete ya mtu anayefua na kuosha vyombo itakwaruzika, na mtu wa haki atakwambia hivyo kabla ya kukuuzia.

Mawe hupimwa kwa karati yake, na karati 5 ni gramu 1. Hapa kuna mtego: pambo jipya lisipimwe likiwa na mawe, ukalipia mawe kwa bei ya dhahabu. Zirkoni nyeupe zinazowekwa kujaza ni nzito kuliko almasi ya ukubwa uleule, na zikiwa nyingi zinakula uzito wa kuonekana. Lipimwe kabla ya kupachika mawe, uandike, ndipo yapachikwe.

Niko Muskati, nitengenezee huku au nipeleke nyumbani?

Kwa kubadilisha, sokoni Matrahi au Dubai utapata uteuzi mkubwa na ushindani wa ufundi, na bei ya siku imeandikwa ukutani. Kwa kutengeneza mkuo wako peke yake, kikubwa ni wewe kuweza kukaa pale unapoyeyushwa. Ukiwa huko, fanya huko. Kumtuma mtu na mzigo wa familia, kisha asimame kujibu kwa gramu asizozishuhudia, ni kumtafutia maneno.

Niandikiane nini na sonara kabla ya kumwachia?

Karatasi moja inatosha: uzito wa kila kitu kama kilivyoletwa; idadi na ukubwa wa mawe yaliyotolewa, yaliyofungwa kwenye bahasha yako; uzito baada ya kutoa mawe na lakiri; uzito na karati ya mkuo; ufundi ni kiasi gani na unahesabiwa kwa nini; upungufu wa kazi usiozidi gramu ngapi; na kwamba vipande vya ziada vinarudi kwako. Ongeza mchoro wa pambo wenye vipimo vya milimita, maana "kama ile ya kwenye simu" imewagombanisha wengi.

Ukipokea kazi, pima papo hapo pambo na vipande pamoja. Jumla ikitoa uzito wa mkuo ukiondoa upungufu mliokubaliana, na mawe ukayahesabia kando, hesabu imefungwa. Ikipungua, sema kabla hujatoka dukani, karatasi ikiwa mezani na mizani ikiwa imewashwa.